Nyeri, Bugisu au iliyoanikwa na tunda lake: kahawa tatu kwenye meza moja kabla hujachagua

Jirani yangu wa ghorofa ya tatu, hapa South B, alinigongea mlango Jumamosi moja akitaka nimwambie anunue kahawa gani. Yeye na mkewe walikuwa wamechoka na ile ya kopo. Mama mkwe, aliyekuwa amewatembelea kutoka Murang'a, alikuwa akiwashangaa: watu wanaotoka kwenye mibuni, kisha wanakunywa unga wa kuyeyusha. "Nitafutie nzuri, kaka," akaniambia, "lakini isiwe kali."

Nilimuuliza ukali gani. Kwake yeye, kali ni ile inayoacha uchungu kooni kama dawa. Mkewe, aliyeshuka baadaye na mtoto mgongoni, alikuwa na maana nyingine kabisa: kahawa aliyowahi kuuziwa mjini ikamchoma ulimi kama ndimu. Mama mkwe naye alimaanisha kahawa nzito inayomkosesha usingizi. Neno ni moja na malalamiko ni matatu, na kila lalamiko linaelekeza kwenye mfuko tofauti dukani.

Ndiyo sababu sikumjibu siku hiyo. Nilikuwa na mifuko mitatu nyumbani, yote ya arabika: AB ya Nyeri iliyooshwa, Bugisu ya Uganda iliyooshwa, na moja kutoka Kiambu iliyoanikwa ikiwa bado ndani ya tunda lake. Niliwaambia warudi Jumapili asubuhi kabla ya kula, tuonje zote tatu kwa pamoja jinsi wanunuzi wa kahawa wanavyofanya. Katika biashara kazi hiyo huitwa kapingi. Kabla ya kila mnada wa kahawa wa Nairobi, waonjaji wa kampuni za ununuzi hupitia sampuli hivyo hivyo, kijiko kwa kijiko, na wewe unaweza kuifanya jikoni kwa glasi za chai.

Vigezo vitatu, na maneno yake

Tulichagua kulinganisha mambo matatu tu: uchachu, uzito na utamu. Harufu ina mengi ya kusema, lakini kwa mtu anayeanza, hayo matatu yanatosha kumwonyesha atakachokipenda asubuhi ya Jumatatu.

Uchachu ndio neno gumu zaidi, kwa sababu kwetu kitu kichachu mara nyingi ni kitu kilichoharibika. Kwenye kahawa si lazima iwe hivyo. Tunda la kahawa, kama matunda mengine, lina asidi zake, na mbegu hubaki nazo: asidi ya sitriki iliyo kwenye limau, asidi ya maliki iliyo kwenye tufaha, na nyinginezo. Uchachu mzuri unafanana na chungwa lililoiva: unachangamsha mdomo kisha unaondoka. Ule mbaya unafanana na siki, au maziwa yaliyosahaulika kwenye jua. Unapoonja, angalia mate yako. Uchachu huleta mate pembeni mwa ulimi. Kama badala yake mdomo unakauka na ulimi unakwaruza kama umetafuna ndizi mbichi, huo si uchachu, huo ni ukakasi, na mara nyingi unatokana na matunda yaliyochumwa kabla hayajaiva au kahawa ambayo haikukaangika vizuri ndani. Na kama ladha inakaa nyuma ya ulimi na kooni muda mrefu, ni uchungu. Watu wengi husema "kali" kwa hivi vyote vitatu.

Uzito hauhusu ladha kabisa. Ni jinsi kinywaji kinavyokaa mdomoni. Weka maji mdomoni, kisha maziwa yaliyoondolewa mafuta, kisha maziwa yenye mafuta yote. Yote yanatiririka, lakini unajua lipi ni zito hata ukifumba macho. Kahawa nayo iko hivyo, kutokana na mafuta yake, chembe ndogo za unga na vitu vingine vilivyoyeyuka ndani yake. Kahawa nzito si lazima iwe chungu, na kahawa chungu inaweza kuwa nyepesi kama maji ya kuoshea sufuria.

Utamu una mtego wake katika Kiswahili, maana tunasema "tamu" kwa chochote tunachokipenda. Wali mtamu hauna sukari. Kwa hiyo kwenye meza tulikubaliana kwamba neno "tamu" linahusu miwa, asali, sukari guru na tunda lililoiva tu, na kwamba mtu akipenda kitu aseme "napenda". Ajabu yake ni kwamba karibu sukari yote iliyo kwenye buni mbichi huisha wakati wa kukaanga. Utamu unaouhisi unatokana kwa sehemu kubwa na harufu zinazokukumbusha vitu vitamu, pamoja na kukosekana kwa uchungu wa kuufunika. Ndiyo maana ni mwepesi, na ndiyo maana mtu aliyezoea vijiko viwili vya sukari huukosa mara ya kwanza.

Kutenganisha kiasi na mapenzi si jambo nililolibuni mimi. Kwa miaka mingi waonjaji walitumia fomu ya Chama cha Kahawa Maalumu, SCA, iliyojumlisha yote kwenye alama moja ya mia, na kahawa iliyofika 80 ikahesabiwa kuwa maalumu. Utaratibu mpya wa chama hicho, kwa upande wa kuonja, umetenganisha karatasi mbili: moja ya kueleza kilichopo na kwa kiasi gani, nyingine ya kusema umekipenda vipi. Kwa nyumba yenye midomo mitatu isiyokubaliana, hiyo ya pili ndiyo hekima yenyewe. Tulipima kila kigezo kuanzia 1 hadi 5, kisha chini ya karatasi kila mtu akaandika alichokipenda.

Meza ilivyowekwa

Ulinganisho wa haki unategemea kwamba kitu pekee kinachotofautiana ni kahawa yenyewe. Glasi zangu ni zile za chai, zinachukua mililita 180, zote sawa. Kila glasi iliingia gramu 10 za kahawa, ambayo ni karibu kabisa na kipimo cha waonjaji cha gramu 8.25 kwa mililita 150. Kila kahawa ilipata glasi mbili, kwa sababu punje moja mbovu inaweza kuharibu glasi moja, na ukiwa na moja tu utailaumu kahawa nzima. Wataalamu huweka vikombe vitano.

Nilipima punje kabla ya kusaga na nikasaga kila glasi peke yake, saizi ya sukari ya kawaida, si laini kama unga wa chai. Kabla ya kuhamia kahawa nyingine nilipitisha punje chache za hiyo nyingine kwenye kinu nikazitupa, ili mabaki ya Nyeri yasiingie kwenye Bugisu. Kisha nikawapa wenyewe wanuse unga mkavu, na mke wa jirani akazibandika glasi namba chini, akazichanganya nikiwa nimegeuka. Mimi pia sikujua ipi ni ipi.

Halafu maji. Kipimo kinachopendekezwa ni nyuzi 93 hivi. Hapa Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 au chini yake kidogo. Kwa hiyo huhitaji kipimajoto. Birika likichemka, mimina mara moja hadi ukingoni, ukihakikisha unga wote umelowa. Ndugu yako wa Mombasa, ambako maji yanafika 100, ndiye anayehitaji kusubiri kidogo.

Dakika nne hatukugusa kitu. Unga ulipanda juu ukafanya utando. Dakika ya nne ilipofika, kila mtu aliinamia glasi yake, pua karibu na ukingo, akausukuma utando kwa mgongo wa kijiko mara tatu. Hapo ndipo harufu inapotoka kwa nguvu kuliko wakati mwingine wowote, na inadumu sekunde chache tu. Kijiko kinaoshwa kwa maji ya moto kati ya glasi na glasi. Kisha kwa vijiko viwili tukaondoa povu na unga uliobaki juu. Sehemu kubwa ya unga ilikuwa imeshazama.

Tulianza kuonja dakika ya kumi. Unachota kijiko na kukivuta kwa nguvu na sauti, kahawa inyunyize mdomo mzima na harufu ipande puani kwa nyuma. Mama mkwe alikataa mwanzoni, akisema watoto wake hawakulelewa kunywa supu hivyo. Baada ya kuvuta mara mbili akasema, "Kumbe kuna kitu kinapanda." Tukazunguka meza mara tatu: ikiwa moto, ikiwa vuguvugu, na ikiwa imepoa kabisa. Mzunguko wa tatu ndio wenye ukweli. Joto hufunika mengi, na kasoro nyingi hujitokeza glasi inapopoa. Hakuna aliyeruhusiwa kusema hadi wote waandike, maana mtu mmoja akisema "chungwa" kwa sauti, meza nzima huanza kuonja chungwa.

AB ya Nyeri, iliyooshwa

AB ni saizi ya punje tu, ndogo kuliko AA, wala haisemi chochote kuhusu ladha. Niliinunua kwa makusudi, kwa sababu watu hulipia herufi mbili za A wakidhani wamenunua utamu. Kahawa hii inatoka kwenye udongo mwekundu kati ya Mlima Kenya na Nyandarua, ambako wakulima wengi bado wana SL28 na SL34, aina za mibuni zilizochaguliwa kwenye maabara za Scott miaka ya 1930. Kiwandani matunda hukobolewa, mbegu huchachushwa ili ule ute ulegee, huoshwa, na kwa kawaida hulowekwa tena kwenye maji safi kabla ya kwenda kwenye vitanda vya kuanikia.

Uchachu: watu wote wanne tuliandika 4 au 5. Ikiwa moto ulikuwa mkali kidogo kama ndimu, lakini uliendelea kubadilika, na kwenye mzunguko wa tatu jirani yangu akaandika "zambarau". Wanunuzi wa ng'ambo hutaja tunda dogo jeusi la Ulaya ambalo wengi wetu hatujawahi kuliona. Zambarau iliyoiva, au fursadi nyeusi, inatosha kabisa, na mtu wa hapa akiisikia anajua ni kitu gani. Elezea kahawa kwa matunda uliyokula.

Uzito: 3. Inajaza mdomo bila kulemea. Wengi hawalitarajii hili, wakidhani kahawa yenye uchachu lazima iwe nyepesi.

Utamu: ndipo tulipotofautiana. Mke wa jirani aliandika 2 katika mzunguko wa kwanza, kisha 4 katika wa tatu. Ulikuwepo tangu mwanzo, kama juisi ya miwa iliyokamuliwa na limau ndani yake, lakini uchachu ulikuwa mbele yake. Kwenye Nyeri nzuri utamu na uchachu hukamatana namna hiyo. Ukionja uchachu peke yake bila utamu nyuma hata kahawa ikiwa imepoa, basi mfuko huo una tatizo: imekaangwa harakaharaka, au matunda hayakuiva.

Inamfaa anayekunywa bila maziwa, anayependa matunda, na aliye tayari kupima. Kahawa hii haisamehe. Ukiisaga kwa ukubwa mno au ukatumia maji yaliyopoa, unapata uchachu bila utamu na utailaumu Nyeri bure. Ikikaangwa sana, nayo hupoteza kile ulichokilipia: moto mwingi huvunja asidi za matunda na kuongeza zile zenye uchungu, hadi Nyeri na kahawa nyingine yoyote zinafanana. Mfuko wenye punje nyeusi zinazong'aa mafuta hautakuonyesha Nyeri, utakuonyesha mkaango.

Bugisu, iliyooshwa

Hii hulimwa upande wa Uganda wa Mlima Elgon, na Mbale ndio mji wake. Inafaa kujua kwamba huko nako kuna SL28, pamoja na SL14 ya maabara zile zile, kwa hiyo tofauti na Nyeri haiwezi kuelezwa kwa mbegu peke yake. Udongo, mvua, jinsi ya kuosha na kukausha, vyote vina mkono.

Uchachu: 2. Upo, unaonekana vizuri zaidi ikipoa, laini kama tufaha jekundu na si kama limau. Mke wa jirani, aliyekuja akiogopa kuchomwa ulimi, alipumua.

Uzito: 4, na mama mkwe aliandika 5. Unabaki juu ya ulimi baada ya kumeza. Hapa nilimkumbusha kwamba uzito si kafeini. Kijiko hakiwezi kukuambia ni kahawa ipi itakayokukosesha usingizi, na hizi zote tatu ni za aina moja, arabika, kwa hiyo tofauti yake kwa jambo hilo si kubwa. Anayetaka kulala apunguze kiasi au aache mapema mchana.

Utamu: 3, wa aina ya sukari guru na kakao. Haukubadilika sana tangu moto hadi baridi, na huo kwangu ni uzuri: kikombe cha kwanza na cha mwisho ni kimoja. Tulipata pia kitu kama harufu ya udongo baada ya mvua kwenye glasi moja kati ya mbili. Glasi ya pili haikuwa nayo. Ndiyo faida ya glasi mbili: nilijua ni punje chache, si mfuko wote.

Inamfaa anayetia maziwa, anayetumia birika la kawaida bila mizani, na nyumba ambamo kila mtu anapika kahawa kwa mkono wake.

Ya Kiambu, iliyoanikwa na tunda lake

Mama mkwe aliposikia imeanikwa nzima alisema, "Hiyo ni mbuni." Ana haki ya kusema hivyo. Kwa miaka mingi, kahawa iliyokaushwa na tunda nchini kwetu ilikuwa mabaki ya mwisho wa msimu, yaliyokaukia mtini au kuokotwa chini, na ikauzwa katika madaraja ya chini kabisa. Hii ni kitu kingine. Matunda mekundu peke yake huchaguliwa, hutandazwa kwa unene mdogo kwenye vitanda vilivyoinuliwa, na hugeuzwa kila siku kwa wiki tatu au zaidi kutegemea jua. Ikirundikwa au ikinyeshewa, inachacha vibaya, na hapo maneno ya mama yanakuwa kweli.

Uchachu: 3, lakini tuligombana juu yake. Jirani alionja nanasi lililoiva mno, mimi nikaonja kitu kinachoelekea mvinyo. Mpaka kati ya tunda lililoiva na tunda lililoharibika ni mwembamba kwenye kahawa ya namna hii. Kipimo changu ni glasi iliyopoa: ikibaki tunda, ni njema. Ikigeuka siki, au harufu ya kitunguu kilichooza, uchachushaji ulipita kiasi. Yetu ilibaki tunda.

Uzito: 4. Utamu: 5 kwa watu watatu kati ya wanne, utamu wa wazi kama zabibu kavu, hata kwa aliyezoea sukari. Wa nne ni mama mkwe, aliyeandika 3 na chini yake, "Si kahawa, ni jemu."

Inamfaa anayetaka kuacha sukari, na anayependa kuwashangaza wageni. Haimfai anayetaka kikombe kile kile kila siku, kwa sababu mfuko unaofuata kutoka shamba lile lile unaweza kuwa mbali na huu. Pia katika mifuko yangu mitatu ndiyo iliyokuwa ghali zaidi.

Kilichotuharibikia wiki iliyofuata

Jirani alinunua Nyeri. Alikuwa ameandika "napenda" chini yake mara mbili. Wiki ikapita, akarudi na uso wa mtu aliyedanganywa. "Kaka, hii si ile. Haina zambarau, haina chochote. Ni kama majani ya chai yaliyorudiwa."

Niliangalia tarehe ya kukaangwa, ilikuwa sawa. Nikasaga gramu 10 jikoni kwangu, na zambarau ikawepo. Ndipo nikamuuliza maji anayopikia. Sisi katika ghorofa hii maji ya bomba yakikatika hujaziwa tangi na lori, na hayo ni ya kisima kirefu. Wiki hiyo yeye alikuwa anatumia ya tangi, na mimi nilikuwa bado na ya chupa niliyotumia siku ya kuonja.

Tukaweka glasi mbili tu: Nyeri ile ile, kiasi kile kile, moja kwa maji ya tangi na nyingine kwa maji ya chupa. Uchachu wa ya kwanza ulikuwa 1, wa ya pili 4. Visima vingi vya Nairobi hutoa maji yenye bikaboneti nyingi ya sodiamu, ndugu ya ile magadi tunayotia kwenye maharagwe, na kazi yake ni kuzima asidi. Kuchemsha hakuiondoi. Utamu nao ulikuwa umepotea, kwa sababu uchachu ndio uliokuwa ukiuangaza. Maji ya bomba yatokayo Ndakaini ni laini zaidi na hayaleti shida hiyo. Kwa ya chupa, soma kibandiko, tafuta palipoandikwa HCO₃, ndiyo alama ya bikaboneti, na uchague yenye namba ndogo.

Kilichonishangaza ni Bugisu. Kwa maji yale yale ya tangi, ilipungua kidogo tu. Haikuwa na uchachu mwingi wa kupoteza. Kwa hiyo maji ya nyumba yako ni sehemu ya ulinganisho, na ukionja kwa maji mazuri kisha ukapika kwa mengine, umechagua kahawa ya nyumba ya mtu mwingine. Laiti ningeanza na hilo Jumapili ile.

Jambo jingine linalopotosha ni chujio. Kuonja kwa glasi hakuna karatasi, na karatasi huzuia mafuta mengi. Anayechuja kwa karatasi atapata uzito mdogo kuliko alioandika mezani, na uchachu utaonekana zaidi. Anayetumia chujio la waya au la kitambaa, au ile birika ya kusukuma chini, atapata kitu kilicho karibu zaidi na glasi.

Ukiwa bado umekwama

Kwanza jihakikishie kwamba unazitofautisha. Mwombe mtu akuwekee glasi tatu, mbili za kahawa moja na moja ya nyingine, na utafute iliyo peke yake. Kwa kubahatisha utapata mara moja katika tatu, lakini kupatia mara tatu mfululizo kwa kubahatisha ni nafasi moja katika 27. Ukishindwa kutenganisha mbili kati ya hizi, nunua iliyo rahisi na usijisumbue.

Ukinywa na maziwa kila siku, Bugisu au kahawa nyingine yenye uzito mkubwa na uchachu mdogo itapenya maziwa bila kugombana nayo. Nyeri iliyokaangwa kidogo ikiingia kwenye maziwa mengi wakati mwingine huonekana kama maziwa yanataka kuganda, hata kama ni mazima. Ile ya Kiambu na maziwa hufanana na mtindi wa matunda. Wapo wanaoupenda sana, nawe onja kikombe kimoja kabla ya kununua kilo.

Ukinywa bila maziwa, na una maji mazuri, mizani na subira, Nyeri itakulipa. Ikiwa maji yako ni ya kisima na huna nia ya kununua ya chupa kwa ajili ya kahawa, iache kwanza. Ukitaka kupunguza sukari, anza na iliyoanikwa na tunda, kisha baada ya mwezi rudi ujaribu Nyeri iliyopoa. Ulimi utakuwa umeshajua mahali pa kuutafuta utamu.

Na kama nyumba yako ina watu watatu wenye maana tatu za "kali", nunua mifuko midogo miwili. Kwa jirani yangu sasa, Nyeri ni ya Jumamosi na Jumapili, kwa maji ya chupa, naye huipika mwenyewe. Siku za kazi mkewe anapika Bugisu na maziwa. Mama mkwe alirudi Murang'a na robo kilo ya Bugisu kwenye kiondo, na kipande cha karatasi chenye namba zake kimekunjwa ndani ya mfuko, amwonyeshe muuza duka wa huko: uchachu 2, uzito 5, utamu 3.